Vu ya Tata Alfani

Simu ilimkuta Banza akiwa bado na povu la sabuni shingoni.

"Banza! Bantu bangu beko wapi?"

"Bantu gani, tata Alfani?"

"Bantu ba bus! Bus iko hapa, chauffeur eko hapa, mi niko hapa. Bantu hapana. Hata kuku moja hapana!"

Banza alijifuta sikio kwa taulo akasikiliza tena, labda alisikia vibaya. Ilikuwa Jumamosi, Idd imekaribia, na kila mtu aliyekuwa na ndugu Lubumbashi alitaka kwenda. Mabasi ya Alfani Mansour yalikuwa yakiondoka Kolwezi yamejaa hata siku za kawaida, yanapita Tenke, Fungurume na Likasi, watu wamebeba magunia magotini. Basi la Alfani kukosa mtu siku kama hiyo ni kitu Banza hakuwahi kukisikia tangu amjue Alfani, na alimjua tangu wote wawili hawana kitambi.

"Uko ku parking gani?" akauliza.

"Unaniuliza mi parking gani? Ya mupya! Ya ku barabara ya Likasi! Shi weye njo ulisema utatangaza?"

"Tulitangaza."

"Bantu beko ku parking ya zamani, ku soko. Binti yangu Leila ananiambia beko wengi kama sauterelles, kama nzige, banamutukana. Ulitangaza ku nani, ku bamalaika?"

Simu ikakatika.

Banza alivaa shati juu ya sabuni. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi, na ndiyo maana hakulielewa. Parking ya zamani kule sokoni ilifungwa kwa sababu barabara yake inachimbwa. Kuanzia Jumamosi hii mabasi yanaondokea parking mpya. Tangazo liliandikwa tangu Jumatano, na lilipaswa kutoka Ijumaa saa sita mchana kwenye ukurasa wa Facebook wa mabasi ya Alfani. Kazi ya Banza ilikuwa hiyo tu.

Kazi hiyo ameifanya kwa namna mbili maishani. Zamani alikuwa na pickup yenye vipaza sauti viwili juu ya paa. Mtu akifiwa, unga mpya ukiingia depo, mbuzi akipotea, basi likibadilisha saa, Banza alizunguka Kolwezi na Musonoi akitangaza mpaka koo linakauka. Halafu watu wakaacha kusikiliza barabara wakaanza kusikiliza simu. Banza aliuza vipaza sauti kwa mchungaji mmoja, akapanga vyumba viwili juu ya duka la matairi, akamwajiri Rachelle, binti aliyesoma mambo ya kompyuta, akabandika kibao mlangoni: Agence Sauti. Wateja wake wa zamani walimfuata. Alfani alikuwa wa kwanza.

Mwanzoni walifanya kila kitu kwa simu moja. Kurasa za wateja wote zilikuwa humo, moja baada ya nyingine, na siku moja Banza mwenyewe aliweka tangazo la depo la unga kwenye ukurasa wa mabasi: "Umefika! Mweupe, mulaini, hauna mawe." Watu wakauliza kama siku hizi Alfani anapakia abiria kwa kilo. Alfani alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka.

Ndipo Rachelle akawahamishia wote mahali pamoja, ndani ya programu moja ya kazi. Kila mteja alipata upande wake na foleni yake ya matangazo, yenye siku zake na saa zake. Unga haukuweza tena kupotea ukaingia kwenye basi. Na kila mtu alipewa cheo. Rachelle alikuwa msimamizi. Leila, binti ya Alfani anayekata tiketi dirishani, alikuwa mwandishi: anaandika tangazo la mabasi, lakini hawezi kulitoa. Alfani alikuwa mwenye kukubali: bila yeye, alichoandika Leila hakitoki. Naye aliona mabasi tu. Ya wateja wengine hakuyasikia hata harufu.

Banza alikuwa Propriétaire, mwenye mali, aonaye yote. Lakini hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisini tu. Kwenye simu, baada ya kisa cha unga, Rachelle alimwomba kwa upole akubali kuingia kwa anwani nyingine yenye cheo kidogo, maana dole gumba la Banza ni pana na simu yake ni nyembamba. Alimsomea vyeo vilivyopo. Alipofika kwenye "Lecteur", Banza akamkatisha.

"Hiyo. Weka hiyo."

"Patron, Lecteur anasoma tu. Zaidi ya maoni ya chini, hana kitu anaweza kugusa."

"Mi niko lecteur ku paroisse, ku kanisa, miaka yote hii. Kila dimanche nasimama mbele ya bantu, nasoma. Usinifundishe kazi ya lecteur."

Kwa hiyo asubuhi hiyo, akiwa nyuma ya pikipiki kuelekea ofisini, Banza alifungua simu akasoma, kama kawaida ya lecteur. Upande wa mabasi ya Alfani aliona foleni. Salamu za Jumamosi, "Safari njema kwa abiria wetu wote", zilikuwa zimetoka saa moja kamili, na alama ya kijani pembeni. Juu yake lilikaa tangazo la parking. Halikuwa na alama ya kijani. Lilikuwa na saa ya rangi ya machungwa na maneno *En attente d'approbation*. Linasubiri kukubaliwa.

Banza akasoma tena. Foleni moja, ukurasa mmoja. Salamu zimetoka, habari yenyewe imebaki. Ilikuwa kama mtu aliyetumwa kuja kutangaza msiba, akafika, akasalimia vizuri, akaondoka.

Akatafuta mahali pa kubonyeza. Hapakuwa na mahali. Akalibonyeza tangazo lenyewe. Likafunguka, likamtazama. Akaligeuza huku na huku. Hakuna.

"Bantu banaiba hata bouton," akasema.

"Unasema, papa?" akauliza kijana wa pikipiki.

"Endesha."

Akampigia Rachelle. Rachelle alikuwa Fungurume tangu jana kupiga picha za mteja muuza vipuri vya malori, na mtandao wa huko siku hiyo ulikuwa wa kuonjeshwa.

"Patron... ile... tata Alfani hakukubali..."

"Hakukubali nini? Eko analia kule!"

"...iko inamungojea yeye. Muambie abonyeze..."

Laini ikakatika. Banza akampigia Alfani.

"Tata, Rachelle anasema haukukubali tangazo."

Alfani alivuta pumzi ndefu, ya mtu anayetaka kutukana vizuri.

"Banza. Sikia. Mercredi, Jumatano, saa kumi, nilisoma. Nikaweka Vu. Jeudi, kesho yake, Leila akaongeza picha ya parking. Nikasoma tena. Nikaweka Vu tena. Vu mbili! Hata gouverneur haweke Vu mbili!"

"Uliweka wapi?"

"Mu simu! Chini ya tangazo! Unaniona mi mutoto?"

Banza akafungua tena, akashuka chini kabisa ya tangazo, pale penye maoni ya ndani ambayo watu wa nje hawayaoni. Kweli. *Alfani M.: Vu.* Na chini yake tena: *Alfani M.: Vu.* Zilikuwa na nukta, kama zilivyokuwa kwenye karatasi za zamani.

Hapo ndipo kichwa cha Banza kilipoanza kuzunguka. Maana Vu ya Alfani aliijua kuliko mtu yeyote. Enzi za pickup, kila mara alimpelekea Alfani karatasi ya tangazo. Alfani akavaa miwani, akasoma, akachukua kalamu ya bic nyekundu, akaandika kwenye kona kwa Kifaransa: Vu, imeonwa. Akishaandika, Banza anawasha gari. Hawakuwahi kuhitaji neno la pili. Vu ilikuwa sahihi, ilikuwa muhuri, ilikuwa petroli. Sasa Vu mbili zilikuwa zimeandikwa mbele ya macho yake, mashine inasema haijakubaliwa, na Rachelle anasema Alfani hakukubali. Ama mashine ni kipofu, ama Rachelle amefungia mlango kitu ambacho Banza hakijui. Na kile kitufe kilichopotea kwenye simu yake kilimfanya afikirie la pili.

Alifika ofisini akawasha kompyuta. Akaingia kama Propriétaire. Tangazo lilelile likafunguka, na chini yake kitufe cha kijani, kipana kama kiganja: *Approuver*, kubali.

Banza alikitazama kwa muda. Kwenye simu hakipo, kwenye kompyuta kipo. Tangazo moja.

"Rachelle, mutoto ya mama yako," alisema polepole, "unanificha bintu mu nyumba yangu."

Na kwa sababu aliona kila kitu, akaona pia kwamba si mabasi tu. Alikuwa kwenye ukurasa unaokusanya yanayosubiri ya wateja wote. Chini ya tangazo la Alfani kulikuwa na la mama Domitille, mwenye salle, ukumbi wa sherehe: "Salle iko wazi Jumapili hii, bei ya Idd." Na chini yake: *Domitille: Vu.* Na yeye amekwama! Wateja wanaweka Vu, mashine inazikalia. Banza alisikia hasira njema, hasira ya mtu anayekwenda kufungulia mbuzi waliofungwa bure.

Akabonyeza *Approuver* kwa Alfani. Mashine ikamuuliza: muda wa tangazo hili umepita, litoke sasa hivi, au lingoje nafasi inayofuata kwenye foleni? Swali la kijinga. Sasa hivi. Akabonyeza kwa Domitille pia. Lake muda ulikuwa haujafika, ila Banza alikuwa tayari amepata moto. Akalibadilisha, litoke sasa hivi nalo. Alama mbili za kijani. Akaegemea kiti. Akampigia Alfani.

"Tata, imetoka. Bantu banakuja."

"Ee. Aksanti. Nangojea."

Banza aliagiza chai kwa mama wa chini. Hakuimaliza.

Aliyepiga simu kwanza alikuwa Leila, kutoka sokoni. Nyuma yake palikuwa na kelele kama za uwanja wa mpira.

"Papa Banza, muliandika nini?"

"Shi weye njo uliandika, binti yangu. Mi nilitoa tu."

"Nilikuwa nilisha kubaambia bantu benye nguvu: twende ku parking mupya, bus iko kule. Bamoja balianza kutembea. Sasa tangazo inafika mu simu yabo. Banarudi!"

"Banarudi juu ya nini?"

"Juu inasema KESHO!"

Banza alilifungua. Picha nzuri ya parking, mshale mwekundu, na maneno ya Leila ya Jumatano yaliyokusudiwa kusomwa Ijumaa: "Abiria wetu wapendwa, KESHO bus zitaondokea parking mpya, barabara ya Likasi. Leo bado parking ya zamani."

Aliyasoma mara mbili, na mara ya pili kwa sauti, kama anavyosoma kanisani akikutana na jina gumu.

"Bananiambia: madame, unatudanganya, patron yako mwenyewe anaandika leo bado ni hapa," Leila akaendelea. "Kuko papa moja anakaa juu ya valise yake, anasema hatoke hapa mupaka bus imukute. Na banaituma mu WhatsApp, kila mutu na groupe yake."

"Baambie kesho ni leo."

"Papa Banza, baambie weye."

Kabla hajaweka simu chini, ya Domitille ikaingia. Domitille hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliishusha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Tata Banza. Nani alitoa tangazo ya salle?"

"Mi mwenyewe, mama. Uliweka Vu, nikaona imelala."

"Niliweka Vu juu niliona. Niliona. Nilikuwa nangojea famille ya bwana harusi baniambie kama banabeba dimanche. Balisha kuibeba. Sasa bantu bengine bananipigia simu bananiuliza viti."

"Lakini, mama, Vu..."

"Vu ni kuona, tata. Kama nilitaka itoke, shi kuko bouton? Rachelle alinionyesha bouton. Ya kijani."

Banza alishika paji la uso. Alfani akiandika Vu, ni nenda. Domitille akiandika Vu, ni ngoja. Neno moja, herufi mbili. Naye alikuwa amezibeba zote mbili kwenye gari moja.

Mlango ukafunguka bila kubishwa. Alfani Mansour aliingia na kanzu yake ya Jumamosi, jasho limechora ramani mgongoni. Hakukaa.

"Banza, tumetoka mbali mi na weye."

"Mbali, tata."

"Kwa ile njo nakuja mwenyewe, situme mutoto. Chauffeur nimemuambia angojee mupaka saa ine. Kisha saa ine anaenda, na viti tupu, juu Likasi bengine bananingojea. Na lundi, Jumatatu, unanirudishia page yangu. Kassim, mutoto ya kaka yangu, ataifanya mu simu yake. Simu moja, mutu moja. Bile byako bya byumba na bi-foleni, mi sijue. Mi naweka Vu, haitoke. Weye unatoa, inasema uongo. Sasa mi niko patron ya nini?"

Banza alimvutia kiti. Bila Alfani, Agence Sauti ingebaki na wateja, ndiyo. Lakini nusu yao walikuja kwa sababu Alfani alikuja. Na hilo halikuwa ndilo lililomsumbua. Lililomsumbua ni kwamba yule mtu aliyesimama mbele yake alikuwa na haki, na yeye Banza bado hajui kosa ni la nani.

"Kaa kwanza," akasema. "Tumupigie Rachelle."

Safari hii mtandao wa Fungurume ulikubali. Banza aliweka simu mezani, sauti ya nje.

"Rachelle, tata Alfani eko hapa. Niambie mbele yake. Juu ya nini mu simu yangu bouton haiko, na mu ordinateur iko? Unanificha nini?"

"Patron, mu simu uko Lecteur."

"Najua niko Lecteur!"

"Lecteur haone bouton ya kukubali. Mi sikuificha. Ni ile kazi weye mwenyewe ulichagula. Mu ordinateur uko Propriétaire, njo maana unaiona."

Alfani aligeuza kichwa akamtazama Banza kwa udadisi. "Ulijichagulia kazi yenye haina kitu?"

"Ni kazi ya heshima," Banza akasema.

"Na tata Alfani," Rachelle akaendelea, "shikamoo. Weye bouton uko nayo. Iko juu ya ile sanduku ya maoni. Kijani. Kuandika Vu chini ni sawa na kusema mu mulango: mashine inaweka maneno yako, lakini haifungue mulango. Inangojea ubonyeze."

"Na zile zingine, za bonjour? Zile zilitoka bila mi kubonyeza."

"Zile nilikubali mi mwenyewe, za mwezi muzima, kabla sijakupa hiyo kazi. Ya parking njo ya kwanza ilikuja ku mukono yako."

Alfani alikaa. Kiti kililia.

"Sasa nani aliniambia niweke Vu?" aliuliza, si kwa hasira, aliuliza kweli. "Rachelle, ni weye ulinifundisha?"

"Hapana, tata. Mi nilitaka kukuja. Patron alisema atakuja yeye, juu muko barafiki."

Banza alikumbuka. Baraza la nyumba ya Alfani, chai ya tangawizi, simu katikati ya vikombe. Alfani aliuliza: hii inafanywa namna gani? Naye Banza, ambaye hakutaka rafiki yake aogope mashine, na ambaye yeye mwenyewe aliiogopa, akamjibu: ni kama zamani tu, tata. Unasoma, unaweka Vu, mi nawasha gari.

"Ni mi," Banza akasema.

Alfani alimtazama. Halafu akatazama kitufe cha kijani kwenye kompyuta.

"Nilikiona," akasema. "Nikafikiri ni ya batumishi. Patron habonyeze. Patron anaandika."

Chini, muuza matairi alikuwa akijaza upepo, na mashine yake ilipiga kelele mpaka ikachoka.

"Patron," Rachelle akaita kutoka mezani, "bus inaenda saa ngapi?"

"Saa ine."

"Basi tufanye mbio. Ile ya KESHO mi naifuta sasa. Ya mama Domitille pia, aliniandikia. Leila aandike ingine. Lakini itaenda ku tata Alfani, yeye njo akubali. Patron, weye usibonyeze kitu. Pardon."

"Sibonyeze," Banza akasema, na akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja.

Leila aliandika akiwa amesimama sokoni. Ilifika kwenye simu ya Alfani baada ya muda mfupi: "LEO, Jumamosi, SASA HIVI. Bus iko parking mpya, barabara ya Likasi. Kule sokoni pamefungwa. Bus inangoja mpaka saa nne." Alfani alivaa miwani. Akasoma midomo ikicheza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha dole lake likashuka, likaandika, likaweka nukta.

"Nilisha kumaliza."

"Tata," Rachelle akasema, "umeweka Vu."

Alfani akatazama simu yake kama mtu anayetazama mguu wake mwenyewe ukiingia dimbwini.

"*Astaghfirullah.*"

Banza alitamani kucheka, akaogopa, akacheka. Alfani akamtazama vibaya, kisha tumbo lake nalo likaanza kutikisika chini ya kanzu.

"Mukono inajua kazi yake," akasema. "Miaka makumi inaandika Vu. Utaikatalia?"

"Rachelle," Banza akasema, bado anajifuta macho, "kazi ya kukubali, haiwezi kupewa mutu mwingine?"

"Inaweza. Ni mi na weye tunapanga. Nani?"

Banza aligeuza kiti. Alimtazama Alfani, maana hilo halikuwa la kwake kusema.

Alfani alikaa akifikiri. Tangu Jumatano binti yake ndiye aliyeandika kila kitu. Ndiye aliyekuwa sokoni akitukanwa kwa ajili ya neno ambalo hakulitoa. Ndiye aliyejua kwamba tangazo la Ijumaa likitoka Jumamosi linageuka uongo.

"Leila," akasema. "Leila akubali. Lakini asibonyeze mbele sijaweka Vu. Muambie. Vu yangu kwanza, bouton yake kisha."

"Ni vizuri sana, tata. Vu yako iko chini ya tangazo, yeye anaiona. Mama Domitille, Vu yake ni ingine, lakini ile ni ya upande wake, haingie mu yako. Nabadilisha."

Kwenye kompyuta Banza aliona jina la Leila likibadilika cheo. Halafu tangazo la LEO, lililokuwa na saa ya machungwa, likageuka kijani mbele ya macho yao bila mtu yeyote chumbani kugusa kitu. Alfani alishtuka kidogo.

"Nani alibonyeza?"

"Leila. Eko ku soko," Rachelle akajibu.

"Bila kuniuliza?"

"Vu yako iko pale, tata. Uliiweka kabla yeye hajapewa kazi."

Alfani alifikiri juu ya hilo, akaona halina kasoro, akavua miwani.

Walisikia matokeo yake kwa simu. Leila alipiga: yule papa wa juu ya valisi amesoma LEO, ameinuka, ameita pikipiki, wengine wanamfuata, madereva wa pikipiki wa sokoni wamepandisha bei palepale kwa sababu shetani halali. Dereva wa basi akapiga: watu wanaanza kuingia. Si wote. Wengine walikuwa wameshapanda mabasi ya watu wengine. Lakini viti vinajaa, na kuku wapo.

Alfani alisimama, akakunjua kanzu.

"Na lundi, tata?" Banza akauliza. "Page?"

"Lundi nitakuja kunywa chai." Akafika mlangoni, akageuka. "Sasa, kama Leila njo anakubali, mi nibaki nani mule ndani? Siwezi kubaki bila kazi mu bus yangu mwenyewe."

Sauti ya Rachelle ikatoka kwenye simu mezani, ambayo wote wawili walikuwa wameisahau: "Nilikuweka Lecteur, tata. Anasoma yote ya mabasi, na anaweza kuandika chini."

Alfani akamtazama Banza kwa shaka. "Lecteur. Ile kazi yako yenye haina bouton?"

"Kwetu," Banza akasema, "lecteur anasimama mbele ya bantu bote."

"Kwetu ku musikiti pia mwenye kusoma anasimama mbele," Alfani akasema. Akaonekana kuridhika, akashuka ngazi.

Banza alibaki na kompyuta. Alitazama ule ukurasa wa wateja wote, foleni baada ya foleni: mabasi, salle, unga, farmasi, vipuri, msusi. Kila moja ilikuwa inasonga kwa saa zake, kila moja ina mtu wake wa kukubali, na kila mtu huyo ana maana yake ya maneno. Bado hakuwa na hakika kwamba ameelewa. Alimpigia Domitille kuomba msamaha, akapokelewa kwa sauti ya chini ambayo ingedumu wiki nzima. Kisha akatoka kwenye anwani ya Propriétaire, polepole, kama anayerudisha bunduki ya mtu mwingine, akachukua simu yake nyembamba.

Ujumbe wa Rachelle ulikuwa umefika: "Patron, nilitaka kuandika hii kwa wateja wote: Vu si kukubali. Kukubali ni bouton. Nakutumia maneno uyasome, niyatume?"

Banza aliyasoma vizuri. Yalikuwa sawa. Akaandika: "Vu."

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu mfukoni.

"Vu ya namna gani, patron? Ya tata Alfani ao ya mama Domitille?"